Suricata inaona, haizuii

"Jamani, Suricata, programu ya kunasa mashambulizi ya mtandao, nimeichomeka kwenye poti ya swichi inayonakili trafiki. Kwenye sheria zake nimebadilisha alert, yaani toa onyo, kuwa drop, yaani tupa pakiti, mbona bado haizuii?"

Hapo inasoma nakala tu, kaka. Pakiti halisi imeshafika kwenye seva. Iweke njiani, nyuma ya fayawoli: kadi mbili za mtandao, trafiki iingie huku itokee kule. Kwenye sehemu ya `af-packet` ya faili la `suricata.yaml`, kila kadi iandikie `copy-mode: ips` na `copy-iface` ya mwenzake. Ila anza na alert wiki mbili; saini moja mbovu, yaani alama ya shambulio linalojulikana, ikikata malipo ya ofisi, utaamshwa usiku.

— Mimi natumia programu ya kupima tabia ya trafiki, saini za nini tena?

Hiyo hunasa mashambulizi mapya, kweli, lakini siku ya mishahara nayo huiona shambulio. Mimi ningeiacha kwenye nakala.