Kitabu cha maziwa: kutoka mizani hadi malipo ya mkulima

Katika vyama vingi vya maziwa vya nyanda za juu za Kenya, magomvi ya siku ya malipo huwa yamekwisha kuanza saa kumi na mbili asubuhi pale kwenye mizani. Mkulima ameleta kilo 7.4, karani akaandika 7. Akiacha nukta hiyo asubuhi na jioni kwa siku 30, mkulima amepoteza kilo 24. Kwa bei ya shilingi 50, hizo ni shilingi 1,200. Kwa hiyo andikeni uzito wote kwa nukta moja, baada ya kutoa uzito wa mkebe, na mkulima asome mizani mwenyewe kabla ya kumwaga.

Kila mapokezi yawe na mstari wake: tarehe, namba ya mkulima, asubuhi au jioni, daraja, kilo. Maziwa yaliyokataliwa nayo yaandikwe, kwa daraja X, pamoja na sababu. Mkichanganya sawa kwa sawa maziwa na alkoholi yakaganda, andikeni "yameganda". Kama laktomita imesoma chini ya 28, angalieni joto kwanza. Kifaa kilichopimwa kwa nyuzi 20 huongezewa 0.2 kwa kila nyuzi iliyozidi, hivyo 27 kwa nyuzi 25 ni 28, na mkulima huyo hakutia maji. Kumkataa kwa kosa la hesabu ni kumdhulumu.

Bei isiandikwe kwenye mistari ya mapokezi. Iwekeni kwenye karatasi yake, maana ikibadilika mtasahihisha mahali pamoja tu. Kwenye kompyuta, mistari ya mapokezi ikiwa kwenye karatasi iitwayo Mapokezi, safu A hadi E kwa mpangilio ule ule, na daraja la kwanza likiandikwa I, kilo za daraja hilo za mkulima ambaye namba yake iko A2 hupatikana hivi:

```
=SUMIFS(Mapokezi!E:E,Mapokezi!B:B,A2,Mapokezi!D:D,"I")
```

Karani akiandika "7.4kg" badala ya 7.4, kompyuta huona maneno, wala si namba, na hairuki juu kulalamika: kilo hizo zinapotea kimya kimya. Dalili yake ni kwamba maandishi hukaa upande wa kushoto wa kisanduku na namba upande wa kulia.

Tumchukue mkulima namba 214, kwa bei za mfano. Mwezi mzima ameleta kilo 338.2 za daraja la kwanza kwa shilingi 50, na 74.4 za daraja la pili kwa shilingi 46. Hiyo ni 16,910 na 3,422.40, jumla 20,332.40. Usafirishaji ni shilingi 3 kwa kilo, hisa ni shilingi 1 kwa kilo, na zote mbili hukatwa kwa kilo zote 412.6: 1,237.80 na 412.60. Zimebaki 18,682. Alichukua chakula cha ng'ombe dukani kwa 5,800, na uhamilishaji ulikuwa 1,500. Mkopo wa mwezi ni 4,000. Mkononi anapata 7,382.

Utaratibu wa kukata ndio wenye uzito, na uandikwe kwenye kanuni za chama: kwanza yale yanayofuata kilo, kisha madeni ya dukani, mwisho mikopo. Mwezi ambao ng'ombe amekauka, makato yanaweza kuzidi mauzo. Tuseme 214 ameleta kilo 96 tu za daraja la kwanza. Mauzo ni 4,800. Yakiondolewa usafirishaji na hisa zinabaki 4,416, naye anadaiwa 5,800 dukani. Kanuni ikisema madeni yasizidi nusu ya salio, chama kinachukua 2,208 na 3,592 zinahamia mwezi ujao. Salio likiwa G2 na deni F2:

```
=MIN(F2,G2/2)
```

Deni lililohamishwa lionekane kwenye stakabadhi ya mkulima kwa safu yake peke yake. Likifichwa ndani ya "makato mengine", mwezi unaofuata ataona amekatwa chakula ambacho hakuchukua, na atakuwa na haki ya kupiga kelele.

Kabla ya kulipa, linganisheni jumla ya kilo zilizopokelewa, bila zile za X, na maziwa yaliyoondoka kwa lori. Hapa vyama vingi huangushwa na kipimo. Mizani yenu inasoma kilo, tangi la mnunuzi linasoma lita, na lita moja ya maziwa ni takriban kilo 1.03. Mkiwa mmepokea kilo 1,030 na mnunuzi akaandika lita 1,000, hakuna kilo 30 zilizoibwa na dereva. Zidisheni lita kwa 1.03 kwanza. Tofauti ikibaki kubwa baada ya hapo, anzeni na mikebe: pimeni uzito wa mikebe mitupu upya, mmoja mmoja, kwa mizani ile ile ya mapokezi.