Uso wa saa unaosoma majira ya Kiswahili na chaji ikabaki: nilivyotengeneza wangu

*"Wakuu, niko Lindi, nina Galaxy Watch 4 ya mtumba. Nataka nitengeneze uso wangu mwenyewe unaosoma saa yetu, nimechoka kuona 13 wakati ni saa saba mchana. Nilishatengeneza mmoja kwenye Watch Face Studio, nikaweka picha ya ufukwe na kila taarifa niliyoikuta, ukapendeza sana ila chaji haifiki jioni. Niweke nini, nitoe nini, na rangi zipi?"*

Mkuu, mimi jirani yako wa Mtwara. Nalala Msangamkuu, kazi naifanyia mjini, kwa hiyo kila siku navuka maji asubuhi na jioni. Saa yangu ni hiyo hiyo yako, na uso wangu wa kwanza ulikuwa pacha wa huo wako: picha ya bahari nyuma, sekunde zinateleza, mapigo ya moyo, hatua, hali ya hewa. Natoka nyumbani na asilimia 100, narudi magharibi na 20 na kitu.

Nianze na saa ya Kiswahili, maana hapo wengi wanapita njia mbovu. Kuna jamaa alinishauri nibadilishe ukanda wa majira kwenye simu, nirudi nyuma saa sita. Namba zinakuja sawa kweli, saa 1 asubuhi inasomeka 1. Lakini kengele za simu zote zinahama, na tarehe haigeuki mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Nilikaa nayo siku moja tu. Simu iache na majira yake ya Afrika Mashariki, hesabu ifanyike ndani ya uso wenyewe.

Usitumie kipengele cha saa kilichokuja tayari kwa ajili ya namba ya saa. Weka kipengele cha maandishi, halafu kwenye sehemu yake ya fomula andika hivi:

```
(([HOUR_0_23]+5)%12)+1
```

Alama ya % hapo si asilimia, ni baki baada ya kugawanya. Tujaribu saa saba mchana. Mashine inaiita 13. Kumi na tatu jumlisha tano ni 18, gawanya kwa 12 inabaki 6, ongeza 1 unapata 7. Saa sita usiku mashine inaiita 0: 0 na 5 ni 5, baki ni 5, ongeza 1 ni 6. Sasa kwa nini tusitoe sita moja kwa moja, yakaisha? Kwa sababu saa 9 usiku mashine inasema 3, ukitoa sita unapata hasi tatu. Na hata ukiongeza sita badala ya kutoa, saa kumi na mbili asubuhi itakuja 0, na sisi hatuna saa sifuri. Ile 5 ndani na 1 nje ndiyo inayoziba matundu yote mawili.

Dakika ziache kwenye kipengele cha kawaida cha dakika, kwa sababu chenyewe kinaweka sifuri ya mbele. Mimi niliziandika kwa mkono mara ya kwanza, saa moja na dakika tano ikawa 1:5. Mwenzangu kwenye boti akaisoma saa moja na nusu, akaanza kunilaumu kwamba tumechelewa.

Kama unapenda ya mishale ni rahisi zaidi. Hakuna fomula. Picha ya mshale wa saa unaigeuza nyuzi 180 kabla ya kuiingiza, uelekee chini badala ya juu, basi. Wazee wetu wanasoma saa ya ukutani kwa kutazama namba iliyo upande wa pili wa mshale. Wewe unausogeza mshale uende huko huko wanakotazama.

Kitu kimoja kitakukera: 7 ya mchana na 7 ya usiku zinafanana. Nimeweka jua dogo na mwezi mdogo sehemu moja, kila kimoja na safu yake, kisha kwa masharti ya muda nikaamuru jua lionekane kuanzia 06:00 hadi 18:00 na mwezi muda uliobaki. Hapo kwenye masharti unaandika majira ya mashine, siyo yetu. Usichanganye.

Sasa chaji. Kioo cha saa hii ni AMOLED, kila nukta inawaka kwa taa yake. Nukta nyeusi kabisa imezimika, haili kitu. Nyeupe inawasha taa tatu kwa pamoja, nyekundu, kijani na bluu, na katika hizo ya bluu ndiyo inayokula zaidi kwa mwanga ule ule. Kwa hiyo ile picha ya ufukwe, mbingu ya bluu na mchanga mweupe, ni sawa na kuwasha taa za nyumba nzima ili usome herufi moja. Itoe. Mandharinyuma iwe `#000000`, na kijivu cheusi pia kikatae, maana kwa macho ni kama nyeusi lakini kila nukta inawaka.

Palipo na hasara kubwa ni ile hali ya kioo kubaki kimewaka muda wote, Always On Display. Uso wako una sura mbili, ya kuamka na ya kulala, na programu ina ukurasa wa kila moja. Wengi tunashughulika na ya kuamka, wakati kwa siku nzima unaitazama kwa dakika chache tu. Ile ya kulala ndiyo inayowaka saa zote. Mwongozo wa Google ni kwamba katika hali hiyo nukta zinazowaka zisizidi asilimia 15 ya kioo, na Watch Face Studio yenyewe inakuonyesha asilimia uliyofikia.

Mimi nilikuwa nimeshatoa picha na bado nikawa nazidi. Nikatafuta mchawi ni nani, kumbe ni duara la chaji pembezoni, upana wa nukta 20. Kwa macho ni kamstari. Lakini uso una kipenyo cha nukta 450, na pembezoni ndiko kuliko na eneo kubwa. Ukipiga hesabu, kitu cha nukta 20 kinachozunguka ukingo wote kinakula karibu asilimia 17 ya duara zima. Yaani kabla hujaandika hata saa umeshavuka kikomo. Nilipolipunguza likawa nukta 4, likashuka hadi asilimia 3 na nusu hivi. Baadaye nikaliondoa kabisa kwenye sura ya kulala nikabakiza namba za saa na dakika, za muhtasari tu, ndani tupu. Muhtasari una faida nyingine: namba nene zilizojaa zikikaa palepale miezi na miezi huacha kivuli kwenye kioo. Saa husogeza picha nukta chache kila baada ya muda kupunguza hilo, lakini tumbo la namba nene haliponi kwa kusogezwa nukta mbili tatu, bado linabaki juu ya lenyewe.

Sekunde kwenye sura ya kulala usiziweke, hali hiyo picha inachorwa upya mara moja kwa dakika. Kwenye sura ya kuamka mshale wa sekunde unaoteleza unachorwa mara nyingi ndani ya sekunde moja. Unaoruka unachorwa mara moja. Mimi sina wowote. Sijawahi kuvua samaki kwa sekunde.

Rangi: wewe uko pwani, jua la saa sita mchana feri ya Lindi unalijua. Herufi nyembamba za kijivu zinazopendeza usiku chumbani, pale hazionekani, na saa ikihisi jua inapandisha mwanga, kwa hiyo unalipa chaji na bado husomi. Namba za saa ziwe nyeupe na nene kwenye sura ya kuamka, vitu vidogo viwe rangi ya machungwa au kijani. Nyekundu iliyokolea kwa maandishi madogo inapotea juani, bluu ndiyo kabisa. Jaribu nje kabla hujaridhika. Kioo cha laptopu kinadanganya.

Taarifa nimebakiza mbili. Ya kwanza ni asilimia ya chaji. Ya pili ni umbo la mwezi, na hii sikuiweka kwa urembo. Mwezi ukiwa mchanga au mpevu ndipo bamvua inapokuja, maji yanatoka mbali na kujaa sana. Mwezi nusu ni maji mafu. Kwa mtu anayepanda boti au anayengoja samaki wa kupwa, hako kapicha kana kazi kuliko hatua 6,000. Ila kanakwambia aina ya maji tu, saa ya kujaa hakakwambii, na hiyo inasogea mbele kama dakika 50 kila siku. Mwezi haubadiliki haraka, kwa hiyo chaji inayoliwa hapo haionekani.

Mapigo ya moyo niliyatoa, na kosa halikuwa la ile namba. Nilitaka nione namba inacheza, nikaenda kwenye mipangilio nikaamuru saa ipime mfululizo, na ile taa ya kijani mgongoni ikawa haizimiki. Ukiipenda iweke, lakini upimaji uache wa kila dakika 10. Hali ya hewa na vitu vingine vinavyotoka kwenye programu nyingine viweke kama vidirisha, vile vinavyoitwa Complication, siyo vya kudumu. Hivyo mfumo wenyewe haukubali vijisasishe kwa ratiba chini ya kila dakika 5, na siku ukichoka unabadilisha kwa kubonyeza uso kwa muda, bila kurudi kwenye laptopu.

Kuipeleka kwenye saa: ingia kuhusu saa, taarifa za programu, gonga toleo la programu mara kadhaa mpaka mipangilio ya wasanidi ifunguke, washa Wireless debugging. Laptopu na saa ziwe mtandao mmoja wa wai-fai; mimi natumia hotspoti ya simu. Ule ufunguo wa kusaini uso unaotengenezwa mara ya kwanza, na nywila yake, hifadhi mahali pawili. Mimi laptopu fundi aliifuta kila kitu, ufunguo ukaenda humo humo, na saa ikakataa toleo jipya mpaka nilipofuta la zamani.

Ukimaliza zima Wireless debugging na wai-fai ya saa. Mimi nilisahau, siku ya kwanza ya kupima uso mpya chaji ikaisha haraka kuliko ya zamani, nikarudi kubomoa kitu kisichokuwa na kosa. Kesho yake nilivizima, nikavuka saa kumi na mbili na nusu jioni nikiwa na asilimia 54.