Mtoto wa nimonia: mpira wa puani au barakoa, lita ngapi, na chupa ya maji

Swali: Daktari, kituo chetu kina konsentreta moja ya lita 5 na mtungi mmoja wa akiba. Tulipokea mtoto wa miezi 10 mwenye nimonia, oksimita ikisoma 84%. Mwenzangu akamvalisha barakoa kwa lita 2 kwa dakika, mimi nikataka mpira wa puani. Tukabishana pia kuhusu chupa ya maji: lazima iwepo? Na maji gani? — Muuguzi wa wodi ya watoto

Jibu: Kwa mtoto huyo, sista, ungeanza na mpira wa puani kwa lita 1 hadi 2, na chupa ya maji ungeweza kuiacha kabatini.

Tuanze na barakoa, maana hapo ndipo penye hatari. Barakoa ya kawaida ina nafasi ndani yake, na pumzi anayoitoa mtoto hubaki humo. Oksijeni ikiingia kwa kasi ya kutosha huisukuma pumzi hiyo itoke kwenye matundu ya pembeni. Ikiingia kwa lita 2 tu haiwezi, kwa hiyo mtoto anavuta tena hewaukaa yake mwenyewe. Oksimita haitakuonya, kwa sababu inasoma oksijeni na haisomi hewaukaa. Namba inaweza kuwa nzuri huku mtoto anazidi kusinzia. Ndiyo maana barakoa ya kawaida haishushwi chini ya lita 5 kwa dakika. Konsentreta yako yote ni lita 5, yaani ungeimaliza kwa mgonjwa mmoja, na mtoto asingeweza hata kunyonya. Mpira wa puani unamwachia mdomo wazi, na mama anaendelea kumnyonyesha.

Kiasi cha kuanzia kwa mpira wa puani kinafuata umri: mtoto mchanga nusu lita hadi lita 1, mtoto aliye chini ya mwaka lita 1 hadi 2, mkubwa zaidi lita 1 hadi 4. Mtu mzima anaweza kufika lita 5. Unaanza, kisha oksimita inakuelekeza. Kwa mtoto wa nimonia lengo ni SpO2 ya 90% au zaidi. Akiwa na dalili za dharura, kama degedege, kupoteza fahamu au mshtuko wa mwili, lenga 94% au zaidi hadi atulie.

Chagua mpira wa saizi yake. Ncha zisizibe matundu ya pua. Zikijaza pua nzima, zitamchubua na pumzi haitapata pa kutokea. Safisha pua kwanza, weka ncha zikifuata mkunjo wa pua kuelekea chini, bandika plasta kwenye mashavu yote mawili karibu na pua, ndipo upitishe mpira nyuma ya masikio. Plasta ikiwa mbali na pua, mtoto akigeuza kichwa ncha zinachomoka, na ukirudi unakuta oksijeni inapuliza shavu. Kwenye flomita soma katikati ya kigololi. Kama ni flomita ya mtungi, iwe imesimama wima. Ikilala, usomaji ni wa uongo.

Sasa mtoto wako mwenye 84%. Mwanzishie lita 1, subiri dakika 15 hadi 30 huku unamwangalia, kisha pima tena. Tuseme imefika 87%. Wengi hapa hukimbilia kuzungusha kitufe cha flomita. Kabla hujaongeza, tazama pua: kamasi zikiziba, hata lita 4 hazitafika kwenye mapafu, kwa hiyo weka matone ya maji ya chumvi na uzivute taratibu. Kisha fuata mpira kwa mkono kutoka puani hadi kwenye mashine, ukitafuta palipokunjika, palipokanyagwa na mguu wa kitanda au palipoachia. Chovya ncha kwenye glasi ya maji safi. Mapovu yasipotoka, oksijeni haifiki. Zifute kabla ya kuzirudisha. Kama kila kitu kiko sawa, panda hadi lita 2.

Akibaki chini ya 90% kwa lita 2, mpira wa puani umefika mwisho wa uwezo wake kwa umri huo. Hapo barakoa inapata nafasi yake, lakini ile yenye mfuko, kwa lita 10 hadi 15 kutoka kwenye mtungi, huku rufaa inaandaliwa. Jaza mfuko kabla ya kumvalisha. Ukinywea kabisa kila anapovuta pumzi, lita ni chache. Konsentreta ya lita 5 haiwezi kuulisha mfuko huo. Ukiilazimisha kupita kiwango chake inatoa hewa nyingi yenye oksijeni hafifu.

Piga hesabu ya mtungi mapema. Soma ujazo uliochongwa begani mwa mtungi, zidisha kwa bar zinazosomwa kwenye geji. Mtungi wa lita 40 wenye bar 60, ukiacha bar 10 za tahadhari, una lita 40 × 50, yaani 2,000. Kwa barakoa ya lita 10 ni dakika 200, saa 3 na dakika 20. Kwa mpira wa puani wa lita 1 ni zaidi ya saa 33. Kama hospitali ya rufaa iko mbali na barabara ni ya mvua, hesabu hiyo ndiyo inayokuambia uondoke saa ngapi.

Kuhusu chupa ya maji, kwa viwango nilivyotaja vya mpira wa puani haihitajiki, kwa sababu pua yenyewe inatia unyevu na joto. Tena maji ya chupa ile ni baridi, kwa hiyo unyevu wake ni mdogo kuliko mapovu yanavyotufanya tuamini. Inafaa unapovuka viwango hivyo kwa oksijeni ya mtungi, ambayo ni kavu na baridi. Aliyetobolewa koo anahitaji unyevu daima, kwani pua imerukwa.

Ukiitumia, weka maji yaliyochemshwa yakapoa, au maji yaliyotoneshwa, kati ya mstari wa chini na wa juu. Maji ya bomba yabaki bombani. Ukijaza kupita mstari, maji hupanda kwenye mpira na kumfikia mtoto. Kila siku mwaga yote na uweke mapya. Kuongezea juu ya yaliyobaki ni kufuga bakteria na kumpulizia mgonjwa wa mapafu. Kila wiki, na kabla ya mgonjwa mwingine, osha chupa kwa maji ya sabuni, suuza, iache ikauke kabisa.

Kosa linalojificha sana ni kifuniko kilichofungwa upande: flomita inaonyesha lita 2, lakini nyingi zinavujia pembeni. Bana mpira kwa vidole upande wa mgonjwa. Chupa yenye vali ya usalama ikiwa nzima italia au kutoa mlio wa kupumua. Ikikaa kimya, fungua kifuniko na ukifunge upya. Ukiamua kuiondoa chupa, tumia kiunganishi cha kupeleka mpira moja kwa moja kwenye tundu la mashine.

Akishatulia na SpO2 iko juu ya 90%, jaribu kumwondolea mara moja kwa siku, asubuhi, wahudumu wanapokuwa wengi. Zima, kaa naye dakika 10 hadi 15. Ikishuka chini ya 90%, mrudishie kiasi kilekile. Ikibaki juu, pima tena baada ya nusu saa, kisha kila saa 3 kwa siku hiyo, hata akiwa amelala, maana usingizini ndipo namba hushuka kwa urahisi.