Kukubali kazi kwa barua pepe ukiwa bado una maswali mawili

Nimekaa miaka mingi upande wa wanaopokea barua hizi, na kila mwaka naona waajiriwa wapya wakikwama mahali pamoja. Barua ya ajira imefika, mtu anaitaka kazi kwa moyo wote, ila tarehe ya kuanza haieleweki na kifungu kimoja cha mkataba kinamtatiza. Basi ama ananyamaza na kusaini hivyohivyo, ama anaandika barua ambayo mwajiri akiisoma hajui kama amekubaliwa au amewekewa masharti.

Kosa hilo la pili lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Katika nchi zinazofuata misingi ya sheria za Kiingereza, kukubali lazima kulingane na kile ulichopewa. Ukijibu "nakubali iwapo mtabadilisha kifungu cha 9", hujakubali bado. Umetoa pendekezo jipya, na lile la mwajiri linaweza kuhesabika limekufa. Kesi ya Hyde dhidi ya Wrench ya mwaka 1840 ndiyo inayotajwa sana: muuzaji alitaka pauni 1,000 kwa shamba lake, mnunuzi akasema 950, akakataliwa, kisha akarudi kukubali 1,000. Mahakama ikasema hapakuwa na mkataba. Lakini mwaka 1880, katika kesi ya Stevenson dhidi ya McLean, mnunuzi wa chuma aliuliza tu kama angeweza kupokea mzigo kwa awamu, na mahakama ikaona kuwa kuuliza si kukataa. Barua yako ikae upande huo wa pili: kubali wazi, halafu uliza.

Nichukue mfano mmoja niufuate hadi mwisho. Kijana amepewa nafasi ya mhasibu msaidizi, barua imemfikia Jumatano tarehe 1 Oktoba 2025, na anatakiwa kujibu kabla ya tarehe 8. Barua ya ajira inasema ataanza Jumatatu tarehe 3 Novemba. Mkataba ulioambatanishwa unasema ajira inaanza tarehe 1 Novemba, ambayo ni Jumamosi. Hili hutokea mara nyingi, kwa sababu anayeandaa mkataba huweka tarehe ya kwanza ya mwezi ili ioane na mfumo wa mishahara, na anayeandika barua huweka siku ya kwanza ya kazi.

Siku mbili zinaonekana ndogo, ila angalia zinachogusa. Kipindi cha majaribio cha miezi 3 kikianza tarehe 1 Novemba kinaisha 31 Januari. Kikianza tarehe 3 kinaisha 2 Februari. Mshahara wa kwanza unaweza kuwa wa mwezi mzima au ukakatwa siku mbili. Na huyu kijana ana kazi anayoiacha, yenye notisi ya siku 30. Akitoa notisi Ijumaa tarehe 3 Oktoba, na hesabu ikianza kesho yake, siku yake ya mwisho ni tarehe 2 Novemba. Tarehe ya barua inamtosha sawasawa. Tarehe ya mkataba inamweka kwa waajiri wawili kwa siku mbili, na mikataba mingi hukataza jambo hilo.

Swali la pili ni la notisi kwenye mkataba mpya. Kifungu cha 4 kinasema mwajiri anaweza kusitisha ajira wakati wa majaribio kwa notisi ya siku 7. Kifungu cha 9 kinasema mwajiriwa atatoa notisi ya mwezi mmoja. Je, mwajiriwa naye akiwa kwenye majaribio ni siku 7, au anafungwa na mwezi mzima? Mkataba umenyamaza. Wengi huogopa kuuliza wakidhani wataonekana wanapanga kuondoka kabla hawajaingia. Hofu hiyo inaondoka ukitaja namba za vifungu na kueleza ulivyovielewa wewe, kwa sababu swali linakuwa la maandishi, na anayejibu anaweza kumaliza kwa neno "ndiyo". Swali la "naomba ufafanuzi kuhusu notisi" linamlazimu atafute unachotaka, na barua inawekwa kando.

Kijana aliandika Alhamisi asubuhi, kwa kujibu ujumbe uleule uliomletea barua ya ajira:

*Yah: Kukubali nafasi ya Mhasibu Msaidizi*

*Ndugu Meneja Rasilimali Watu,*

*Nashukuru kwa barua yenu ya tarehe 1 Oktoba 2025. Ninaikubali nafasi ya Mhasibu Msaidizi kwa mshahara na masharti yaliyomo.*

*Kabla ya kurudisha mkataba uliosainiwa, naomba kuthibitishiwa mambo mawili ili tuwe na uelewa mmoja:*

*1. Barua inataja kuanza kazi Jumatatu tarehe 3 Novemba, na mkataba unataja tarehe 1 Novemba. Nimeelewa kuwa ninaanza tarehe 3. Je, ni sahihi, na mkataba utarekebishwa?*

*2. Kifungu cha 4 kinataja notisi ya siku 7 kwa mwajiri wakati wa majaribio. Nimeelewa kuwa siku hizo 7 zinanihusu na mimi katika kipindi hicho, na kwamba mwezi mmoja wa kifungu cha 9 unaanza baada ya kuthibitishwa kazini. Je, ndivyo?*

*Natakiwa kutoa notisi ya siku 30 ninapofanya kazi sasa, hivyo nitashukuru nikipata jibu kesho Ijumaa ili niweze kuripoti tarehe 3 Novemba bila kuchelewa.*

*Wako mtiifu,*

Sentensi ya kukubali imesimama peke yake, haina "lakini" wala "iwapo". Ombi la kujibiwa haraka limebeba sababu yake, tena sababu inayomfaa mwajiri mwenyewe. Mshahara haujaguswa. Ukiona kifungu ambacho kweli huwezi kuishi nacho, kwa mfano kinachokuzuia kufanya kazi kwingine kwa mwaka mzima ukishaondoka, hilo si la kuomba ufafanuzi. Ni la kujadiliana, na mjadala unafanyika kabla ya kuandika kwamba umekubali. Kulipenyeza kama swali dogo baada ya kukubali kunawaudhi watu, na ninawaelewa.

Jibu mara nyingi huja kwa simu. Kwa kijana huyu lilikuja Ijumaa asubuhi: tarehe ni 3, na siku 7 ni kwa pande zote. Simu haibadilishi mkataba, kwa hiyo alipokata tu aliandika mistari mitatu: "Ahsante kwa mazungumzo yetu ya leo. Nimeelewa kuwa ninaanza tarehe 3 Novemba, na notisi wakati wa majaribio ni siku 7 kwa pande zote mbili. Naomba mkataba uliorekebishwa nisaini." Mkataba ulirudi mchana, akafungua vifungu vyote viwili kuhakikisha vimebadilika, akasaini na kutuma. Ndipo alipopeleka notisi kwa mwajiri wake wa zamani, jioni ileile.

Mpangilio huo usiugeuze hata kama siku zinakubana. Jibu lingechelewa hadi Jumatatu tarehe 6, notisi yake ingeisha tarehe 5 Novemba, na angelazimika kuomba kuanza Alhamisi tarehe 6. Hilo ni ombi la kusogeza tarehe, na mwajiri ana haki ya kulikataa, ila siku tatu hukubaliwa kwa wepesi ukieleza hesabu yako mapema. Kuacha kazi kabla mkataba mpya haujasainiwa kunakuacha bila kazi yoyote iwapo lolote litabadilika upande wa pili.