Zamu za kibandani: anzeni na saa za msaidizi

Katika kibanda chetu cha sokoni tupo wanne: mama, mdogo wangu, mimi na msaidizi tunayemlipa mshahara. Kwa muda mrefu ndugu tulichagua kwanza saa zinazotufaa, na zilizobaki tukamwachia msaidizi. Kwenye karatasi alikuwa na saa 8 kwa siku, lakini kila mmoja wetu alipochelewa yeye ndiye aliyebaki, hata zikafika 11 bila malipo ya ziada. Jambo hilo bado linaniuma, kwa sababu ndugu akichelewa hupewa lawama za nyumbani tu, ilhali msaidizi anaogopa kuondoka asije akapoteza kazi.

Ndipo tukageuza mpangilio. Tunafungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 12 jioni, siku 6 kwa wiki. Asubuhi hadi saa 3, na tena kuanzia saa 9 alasiri, wateja ni wengi na lazima wawepo watu wawili. Katikati anatosha mmoja. Kwa siku hizo 6 zinahitajika saa 108 za kazi. Msaidizi tulimwandikia kwanza: anaingia saa 12 asubuhi, anapumzika saa nzima mchana, na saa 9 anatoka, yaani saa 48 kwa wiki. Zilizobaki 60 ni zetu: mama anasimama naye asubuhi na kumpokea wakati wa mapumziko, jumla saa 24, na mimi na mdogo wangu tunashika jioni, saa 18 kila mmoja.

Hata hivyo, ratiba peke yake haikutosha, kwani pesa zilikuwa zikipungua na hakuna aliyejua zilipungua zamu ya nani. Nakiri kwamba macho yetu yalimwelekea msaidizi. Tukaanza kukabidhiana saa 9 kamili: anayetoka na anayeingia wanahesabu pamoja pesa taslimu, wanaangalia malipo yaliyoingia kwa simu, wanatenga chenji ya kuanzia ambayo haibadiliki, kisha wanahesabu bidhaa chache zinazotoka haraka, na wote wawili wanatia sahihi daftarini. Kuhesabu kila kitu hakufai, maana kazi hiyo ingechukua saa nzima na baada ya siku chache mngeiacha. Wiki mbili zilitosha kuonyesha kwamba hesabu ya asubuhi ilitimia, na upungufu ulikuwa wa jioni, ambako sisi ndugu tulichukua vitu vya nyumbani bila kuviandika. Tulimwomba msaidizi radhi, na sasa anayechukua kitu anakiandika yeye mwenyewe, mama akiwemo.

Ndugu akichelewa, dakika zake zinaandikwa kwenye daftari hilohilo, na mwisho wa mwezi msaidizi analipwa kwa muda huo kutoka katika fungu la aliyechelewa, si kutoka katika pesa za kibanda.