Malkia aliyeachwa aliwe: je, mwanafunzi alibahatisha?

*Swali: Mimi ni mlezi wa klabu ya chesi shuleni. Mwanafunzi wa kidato cha pili, akicheza na kete nyeupe, alimwacha malkia wake aliwe kisha akamaliza mchezo katika hatua ya saba. Nataka kuueleza kwenye jarida la klabu ili hata wanaoanza waelewe, lakini wenzake wanasema alibahatisha tu. Ni kweli? Hatua ni hizi:*

```
1. e4 e5    2. Nf3 d6
3. Bc4 Bg4  4. Nc3 g6
5. Nxe5 Bxd1
6. Bxf7+ Ke7
7. Nd5#
```

Mwalimu, hakubahatisha. Hata kama mpinzani asingemla malkia, Mweupe angetoka na askari mmoja wa ziada. Hilo ndilo la kueleza kwanza kwenye jarida, kabla hata ya chekimeti. Wengi huandika kinyume chake: wanaanza na malkia aliyeliwa, msomaji anashangaa, halafu wiki inayofuata anajaribu mahali pasipofaa na kupoteza malkia bure.

Kwa wanaoanza, weka ufunguo wa herufi juu ya hatua: N ni farasi, B ni askofu, K ni mfalme, x ni kula, + ni cheki na # ni chekimeti. Herufi ndogo na namba, kama g4, ni jina la mraba. Hatua isiyo na herufi kubwa ni ya askari.

Kisha wasimamishe kwenye hatua ya nne. Askofu wa Mweusi aliyeko g4 amembana farasi wa f3, kwa maana farasi akiondoka, malkia wa d1 anabaki wazi. Hapo Mweusi akasogeza askari hadi g6, hatua isiyolinda chochote kinachohitaji ulinzi. Mwanafunzi wako akamwondoa farasi hata hivyo, akala askari wa e5. Sasa Mweusi ana njia mbili zinazoonekana.

Njia ya kwanza ni kumla farasi kwa askari wa d6. Malkia wa Mweupe anaenda moja kwa moja kumla askofu wa g4, kwa sababu hakuna kete inayomlinda. Hesabu: Mweupe ametoa farasi, amepata askofu na askari. Farasi na askofu huhesabiwa thamani karibu sawa, kwa hiyo faida ni askari mmoja. Haina mbwembwe, lakini ndiyo inayoifanya hatua ya tano kuwa sahihi.

Njia ya pili ni tamaa: kumla malkia. Askofu wa c4 anamla askari wa f7 na kutoa cheki. Mfalme hawezi kumla askofu huyo kwa kuwa farasi wa e5 anamlinda. Hawezi kwenda d7 kwa kuwa farasi huyohuyo anautazama mraba huo. d8 yupo malkia wake, f8 yupo askofu wake. Umebaki e7 peke yake. Anaenda, na farasi wa pili anaruka kutoka c3 hadi d5. Chekimeti.

Mpangilio huu ni muhimu. Farasi akienda d5 kabla ya askofu kutoa cheki, Mweusi anapata nafasi ya kumla farasi wa e5 kwa utulivu, na Mweupe amebaki bila malkia wala mashambulizi.

Picha ya mwisho ndiyo yenye utamu wa kufundishia, na hapo ningetumia nafasi kubwa ya ukurasa. Waambie wanafunzi waweke kidole kwenye mfalme wa e7 na kuzunguka miraba yote minane. Mitatu imezibwa na kete zake mwenyewe: malkia d8, askofu f8, askari d6. Askofu wa f7 anaitawala miwili, e8 na e6. Farasi wa e5 anatawala d7, na pia anamlinda askofu wa f7. Mmoja uliobaki, f6, umeshikwa na farasi wa d5, ambaye ndiye anayetoa cheki. Na hakuna kete ya Mweusi inayoweza kumla farasi huyo. Ngome mbili za Mweupe hazijasogea hata kidogo. Kete tatu ndogo ndizo zilizofunga kazi.

Mtindo huu unaitwa chekimeti ya Légal, kwa jina la Mfaransa wa karne ya 18 aliyecheza kwenye mkahawa wa Café de la Régence mjini Paris na aliyekuwa mwalimu wa Philidor, mchezaji mashuhuri wa chesi wa karne hiyo. Sentensi moja ya historia inatosha.

Sehemu inayofuata usiiache, kwani ndipo wanafunzi wanapoumia. Kabla ya kumwondoa farasi aliyebanwa, wamtafute farasi wa Mweusi. Akiwa c6, anamla farasi wa e5, na kutoka hapo analinda g4. Malkia akithubutu kumla askofu wa g4, naye ataliwa. Mweupe amepoteza farasi kwa askari mmoja. Farasi wa Mweusi akiwa f6 mambo ni mabaya zaidi: analinda g4, na pia anaweza kumla farasi atakayekuja d5, kwa hiyo chekimeti yenyewe haipo. Tena, kama askofu wa f8 ameshatoka kwenda e7, mfalme ana mraba wa kukimbilia pale f8, na malkia ameliwa bure. Kwenye mchezo wa mwanafunzi wako, farasi wote wawili wa Mweusi na askofu wa f8 walikuwa bado kwao. Ndiyo maana ilifaa.

Kwa walio mbele kidogo, waonyeshe kuwa hali ya farasi wa c6 inaweza kurekebishwa kwa hatua moja ya maandalizi. Mweupe anasukuma askari hadi h3, na askofu akirudi h5 ndipo farasi anapokula e5:

```
1. e4 e5    2. Nf3 Nc6
3. Bc4 d6   4. Nc3 Bg4
5. h3 Bh5   6. Nxe5 Nxe5
7. Qxh5 Nxc4
8. Qb5+
```

(Q ni malkia.) Farasi wa e5 halindi h5 kama anavyolinda g4, na tofauti yote imo humo. Malkia anamla askofu wa h5, Mweusi anamla askofu wa c4, kisha cheki ya b5 inampiga mfalme na farasi wa c4 kwa pamoja. Farasi analiwa, na Mweupe anabaki na askari wa ziada. Ila h3 hailazimishi kitu. Askofu asiporudi h5 akamla farasi wa f3, hakuna mtego tena na mchezo unaendelea kawaida.

Kosa la Mweusi liandikwe kwa haki. g6 ilimgharimu askari mmoja tu. Kilichomgharimu mchezo ni kumla malkia bila kujiuliza kwa nini ameachwa. Kwenye hatua ya nne angemtoa farasi hadi f6 au c6, hadithi yote hii isingekuwepo.

Chapisha picha mbili za ubao: moja baada ya g6, nyingine ya mwisho, Mweupe akiwa chini. Kabla ya kupeleka kiwandani, hakikisha mraba wa a1, kona ya kushoto chini, ni mweusi. Ubao ukichorwa umegeuzwa, mwanafunzi atakayepanga kete nyumbani atamweka malkia mahali pa mfalme, na mtego hautafuata tena kama ulivyoandikwa.