Faida ya ziada juu ya mtaji wa vitabuni

“Hisa ina mtaji wa vitabuni wa shilingi 500, faida inayotarajiwa ni 100 kwa mwaka, na wenye hisa wanadai asilimia 16. Je, ili kupata thamani ya hisa, nijumlishe 500 na 100 ÷ 0.16?”

Hapana, ndugu yangu, kwa kuwa utahesabu mtaji ule ule mara mbili: zile 500, yaani mali za kampuni ukitoa madeni yake kwa kila hisa, ndizo zinazozalisha faida hiyo. Toa kwanza dai la wenye hisa, yaani asilimia 16 ya 500, ambayo ni 80; zile 20 zinazobaki ndizo pekee zinazoongeza thamani. Aliyenitangulia kujibu swali hili amegawanya 20 kwa 0.16, akapata 125 na thamani ya 625. Hesabu yake ni sawa, ila inachukulia kwamba washindani hawataigusa ziada hiyo milele. Mimi ningedhani kwamba kila mwaka hubaki asilimia 60 ya ziada ya mwaka uliotangulia, na hapo tunapata:

```
500 + 20 / (1 + 0.16 - 0.60) = 535.7
```

Hiyo asilimia 60 ni makadirio yangu, na mwingine anaweza kuyapinga kwa haki.

Kabla ya kuamini jibu, linganisha ongezeko la mtaji la mwaka jana na faida baada ya kutoa gawio. Kama havilingani, na hakuna hisa mpya zilizotolewa, huenda hasara ya kubadilisha fedha za kigeni ilipelekwa moja kwa moja kwenye mtaji, na faida unayoitarajia imekuzwa.